Kichwa cha Habari Kinapogeuka Anwani

Mhariri anaandika: “Ng’ombe wa Côte d’Ivoire: bei yapanda!” Papo hapo programu inatengeneza kijina cha kukaa mwishoni mwa anwani ya ukurasa: `ngombe-wa-cote-divoire-bei-yapanda`.

Kazi huanza na herufi zenye alama. Utaratibu wa Unicode uitwao NFKD huitenga ô ikawa o ya kawaida na kikofia chake pembeni. Kikofia hutupwa, o hubaki. Kisha herufi zote huwa ndogo, alama za uandishi huondolewa, na nafasi hugeuka vistari. Ritifaa ifutwe tu, isiachiwe kistari, maana `ng-ombe` hasomeki. Kistari kirefu kilichobana maneno mawili ni kinyume chake: kigeuzwe nafasi kwanza, la sivyo maneno hayo yatagandana.

NFKD ina mpaka wake. Mji wa Łódź, Polandi, hutoka `odz`. Alama za ó na ź zilitengana vizuri, lakini Unicode haihesabu mkato wa Ł kuwa alama ya kutenganishwa, basi herufi nzima ikafutwa pamoja na takataka. Dawa ni orodha ndogo ya mkono itumike kabla ya kufuta: ł iwe l, ø iwe o, ß iwe ss. Ukitaka kuligundua tatizo, hesabu herufi za kichwa kabla na baada. Zikipungua, kuna iliyomezwa. Kichwa cha Kiarabu kitupu kitamezwa chote, na hapo namba ya makala ndiyo itumike.

Zipo programu zinazofuta maneno yaliyorudiwa ili anwani iwe fupi. Kwa Kiswahili sikubaliani nazo hata kidogo: “Tuendeshe pole pole” hugeuka `tuendeshe-pole`, na ujumbe umeharibika.

Vichwa vinavyofanana ndivyo vigumu zaidi. Makala tatu za “Hali ya hewa leo” zitapata `hali-ya-hewa-leo`, kisha `-2` na `-3` mwishoni. Wengi huhesabu zilizopo na kuongeza moja. Sasa futa ile ya pili: zimebaki mbili, hesabu inatoa `-3`, na `-3` ina mwenyewe. Afadhali kuuliza hifadhidata kama kijina kizima kimeshachukuliwa, na kupanda namba hadi ipatikane iliyo wazi.

Hata hivyo, wahariri wawili wakihifadhi kwa wakati mmoja, wote wataambiwa `-4` iko wazi. Kwa hiyo safu yenyewe iwekewe sharti la kutorudia:

```sql
ALTER TABLE makala ADD UNIQUE (slug);
```

Atakayechelewa atakataliwa, na programu ijaribu `-5` bila kumsumbua. Makala ikishatoka, kijina kisibadilike hata kichwa kikihaririwa. Ikilazimu kukibadilisha, cha zamani kihifadhiwe kimpeleke msomaji kwenye kipya kwa jibu la 301, na kisigawiwe makala nyingine.