Tatoo Isiyofanana na Stika

Wachora tatoo wengi humwonyesha mteja mchoro juu ya picha ya mkono wake kabla sindano haijagusa ngozi. Lakini mara nyingi mchoro huo huonekana kama stika iliyobandikwa kwenye chupa. Kasoro huwa mbili: haukuzunguka na mkono, wala haukupokea mwanga.

Tuanze na mzunguko. Tuseme umepima kigasha kwa futikamba ukapata sentimita 26, na mchoro una upana wa sentimita 10. Kwenye karatasi sentimita zote ni sawa. Kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele, ile ya katikati hubaki karibu nzima, lakini ya pembeni kabisa, inayogeukia nyuma ya mkono, huonekana chini ya nusu. Mchoro wote utaonekana na upana usiofika sentimita 8. Kwa hiyo, ukitumia Photoshop, weka mchoro kwenye tabaka lake, fungua Edit > Transform > Warp, kisha ubane pembeni na kuacha katikati. Mistari inayokatiza mkono nayo lazima ipinde. Ipinde kiasi gani? Mwombe mteja avae bangili wakati wa kupigwa picha, halafu ufuate pindo la bangili hiyo.

Sasa mwanga. Badili hali ya tabaka iwe Multiply. Hapo kila nukta ya mchoro huzidishwa na nukta ya ngozi iliyo chini yake, na weupe wa karatasi hutoweka. Tatizo ni weusi. Weusi kamili ni 0, na sifuri ukiizidisha kwa chochote hubaki sifuri. Wino utakuwa na giza lilelile upande wa jua na upande wa kivuli, na jicho litaona tundu badala ya ngozi. Dawa yake iko kwenye Levels: pandisha Output Levels kutoka 0 hadi 40 hivi. Sasa penye ngozi yenye mwanga wa 200 wino utakuwa kama 31, na penye kivuli cha 80 utakuwa kama 13. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayouketisha wino ndani ya ngozi.

Kuzidisha huko kuna faida nyingine. Wino wa tatoo hukaa chini ya tabaka la juu la ngozi, lile lenye rangi yetu ya asili, kwa hiyo tunauona kupitia rangi hiyo. Mteja mwenye ngozi ya kahawia akitaka ua la manjano, Multiply itamwonyesha ua linaloelekea hudhurungi. Usilitie mwangaza ili apendezwe. Ni makadirio tu, lakini yako karibu zaidi na atakachovaa kuliko manjano ya karatasini.