Umewasha Secure Boot, sasa kompyuta inazunguka tu? Usikubali kufomatiwa

Cheki hii hali. Jumamosi jioni, Umoja Innercore, jirani yangu wa floo ya pili anabisha mlango. Kijana wake yuko nyuma yake, kichwa chini kama mtu aliyevunja sahani za wageni. Kompyuta yao ya mezani imekataa kuwaka. Si kwamba imezimika. Inawaka, nembo ya HP inatokea, kisha maandishi meupe, ukibonyeza Enter inajizima na kuanza tena. Nembo, maandishi, giza, nembo.

Fundi waliyempigia simu alikuwa ameshatoa hukumu bila kuiona: "Windows imekufa, leta nifomati, elfu moja mia tano." Shida ni kwamba mama huyo ndiye mweka hazina wa chama chao. Michango ya miaka mitatu, nani amekopa na nani anadaiwa, yote iko kwenye faili moja ya Excel ndani ya diski hiyo. Mkutano ulikuwa kesho yake saa nane. Ukifomati, chama kimebaki na kumbukumbu za mdomo, na unajua vile hizo huisha.

Nilimuuliza kijana swali moja tu: "Uligusa nini mwisho?" Akasema ukweli. Alitaka kucheza Valorant, gemu ikamletea kodi ya VAN9003. Hiyo kodi maana yake ni kwamba kwenye Windows 11, gemu inataka Secure Boot iwe imewashwa. Akaingia kwenye setingi, akaiwasha, na tangu hapo mashine haijafika Windows.

Kama umewahi kujipata hapo, ama una mdogo wako ambaye atakupeleka hapo, soma polepole.

Secure Boot inafanya nini hasa

Fikiria soja wa geti la ploti. Kompyuta ikiwaka, kabla Windows haijaanza, kuna programu ndogo ya kwanza inayoiamsha. Secure Boot ni soja anayeangalia sahihi ya hiyo programu na kuilinganisha na funguo zilizohifadhiwa kwenye ubao wa mashine. Sahihi ikikubalika, pita. Isipokubalika, rudi ulikotoka.

Sasa, kuna njia mbili za kompyuta kuamsha Windows. Ya zamani inaitwa Legacy, na hutumia diski iliyopangwa kwa mtindo wa MBR, mpango uliokuja na DOS mwaka wa 1983. Ya kisasa inaitwa UEFI, na Windows ikiwaka kwa njia hiyo diski yake huwa imepangwa kwa mtindo wa GPT. Soja wetu anafanya kazi kwenye geti la UEFI pekee. Kwa hivyo ukimwajiri, geti la Legacy linafungwa. Kama Windows yako ilikuwa inapitia hapo, basi haina pa kupitia. Haijakufa. Imefungiwa nje.

Hatua ya kwanza: soma kilichoandikwa

Watu wengi wakiona kompyuta inazunguka wanabonyeza kila kitu kwa hasira. Tulia, usome. Kwa hii mashine maandishi yalikuwa haya:

```
Boot Device Not Found
Please install an operating system on your hard disk.
Hard Disk (3F0)
```

Hiyo inasema mashine haioni kitu cha kuwasha. Ingekuwa soja amekataa sahihi, HP ingeandika "Selected boot image did not authenticate", na mashine zingine huandika "Secure Boot Violation". Hiyo ni kesi nyingine, na mara nyingi utaikuta kwa mtu aliyeweka mfumo usio na sahihi inayotambulika. Na ukiona skrini ya buluu inayodai namba ya tarakimu 48, hiyo ni BitLocker: diski imefungwa kwa siri na inataka ufunguo wake, ambao kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Hapo usijaribu kubahatisha.

Hatua ya pili: ingia kwenye setingi za ubao

Kwa HP unagonga F10 mara tu inapowaka. Kwa Dell na laptopu nyingi ni F2, na kompyuta nyingi za kuunda mwenyewe ni Delete. Kwa EliteDesk ya jirani, ukienda Advanced halafu Secure Boot Configuration unapata chaguo tatu. Moja inazima Legacy na kuwasha Secure Boot, hiyo ndiyo kijana alichagua. Ya pili inawasha Legacy na kuzima Secure Boot. Ya tatu inazima zote mbili.

Hiyo ya tatu ndiyo dhahabu kwa mtu anayetafuta ugonjwa. Nikaichagua, nikahifadhi. Kumbuka HP ikiwaka tena itakuonyesha namba ya tarakimu nne na kukutaka uiandike kuthibitisha. Usipoiandika, badiliko linatupwa na utadhani umejaribu kumbe hujajaribu.

Matokeo: 3F0 ile ile. Fikiria hiyo kidogo. Soja nimemtoa kabisa getini, na bado Windows haipiti. Basi soja si mkosaji. Tatizo ni kwamba Legacy imezimwa na diski haijui njia nyingine.

Hatua ya tatu: flashi ya uokoaji

Sikutaka kuamini dhana yangu peke yake. Nina flashi ya GB 8 niliyotengeneza kwa Media Creation Tool ya Microsoft. Hata wewe unaweza kuitengeneza kwenye saiba ya mtaani, ila jipange, kwa sababu inavuta data nyingi na inafuta kila kitu kilichokuwa ndani ya flashi. Nikarudisha Secure Boot, nikachomeka flashi, nikagonga F9 kuchagua cha kuwasha. Ikawaka vizuri. Kwa hivyo ubao ni mzima, funguo zake ziko, na sahihi ya Microsoft inakubalika. Kilichobaki ni diski.

Skrini ya kusakinisha Windows ilipofika, sikubonyeza chochote cha kusakinisha. Nilibonyeza Shift na F10 pamoja, dirisha jeusi likafunguka:

```
diskpart
list disk
exit
```

Orodha ikaja. Kulia kabisa kuna safu ya Gpt. Diski ya kisasa huwa na nyota hapo. Hii haikuwa na nyota. Kesi imefungwa: fundi aliyeiuza aliweka Windows 11 kwa mtindo wa zamani, akaruka vipimo vyote, na mwenye mashine hakuambiwa.

Okoa faili kwanza

Hapa ndipo watu huteleza. Ukijua tiba, mkono unawasha kuifanya. Zuia. Nilirudi F10, nikawasha Legacy na kuzima Secure Boot, nikaandika zile tarakimu nne. Windows ikafunguka kama kawaida, na mama akapumua kwa sauti. Faili ya chama ikanakiliwa kwenye flashi nyingine na kutumwa pia kwa barua pepe yake. Nikaifungua kwenye simu yake kuhakikisha namba zinaonekana.

Kama shida yako ni mashine iwake tu, unaweza kuishia hapa. Lakini kijana alikuwa bado ananitazama.

Kugeuza diski bila kufomati

Windows yenyewe imebeba chombo kinachoitwa MBR2GPT, tangu Windows 10 toleo la 1703. Kinabadilisha mpango wa diski bila kugusa faili zako. Unaanza na kupima, hujageuza chochote. Nikawasha flashi tena, Shift na F10:

```
mbr2gpt /validate /disk:0
```

Ikakataa: "Disk layout validation failed for disk 0". Hapo wengi hukata tamaa na kumpigia fundi. Sababu ilikuwa ya kawaida sana. Chombo hiki hakitaki diski yenye zaidi ya vipande vikuu vitatu. Windows ilikuwa imeshachukua vitatu: kidogo cha kuwashia, C, na cha uokoaji. Halafu fundi alikata cha nne, D, akakijaza muvi.

Tukarudi Windows, tukahamisha muvi kwenye diski ya nje, tukahakikisha zinacheza, kisha nikafuta D kupitia Disk Management, ambapo unaona kila kipande kwa jina na ukubwa. Nikarudi kwenye flashi, nikapima tena: "Validation completed successfully".

Kabla ya kugeuza nilimuuliza mama swali la Eastlands: "Tokeni za stima zimebaki ngapi?" Stima ikipotea katikati ya kugeuza diski, unaweza kuamka na diski isiyojielewa. Akanunua za mia mbili, ndipo nikaandika:

```
mbr2gpt /convert /disk:0
```

Haikumaliza hata dakika mbili. Mwishoni ililalamika kwamba imeshindwa kusasisha ReAgent.xml. Usishtuke, hiyo ni kumbukumbu ya mahali kipande cha uokoaji kilipo. Windows ikishafunguka, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike `reagentc /disable` halafu `reagentc /enable`.

Sasa lazima uende F10 uzime Legacy, kwa sababu diski iliyogeuzwa inapitia geti jipya. Nikazima Legacy na kuwasha Secure Boot kwa pamoja, chaguo lile lile la kijana. Tarakimu nne. Nembo ya HP. Na safari hii, vidoti vya Windows vikaanza kuzunguka.

Ungejua mapema vipi?

Kabla ya kugusa Secure Boot, bonyeza Windows na R, andika `msinfo32`, tafuta mstari wa BIOS Mode. Ukisoma UEFI, diski yako iko sawa kwa hili. Ukisoma Legacy, simama, hifadhi faili zako, geuza diski kwanza, ndipo uende kwa setingi. Baadaye rudi papo hapo uangalie Secure Boot State. Ya kijana ilisoma On saa nne na dakika kumi usiku.

Jumapili saa nane mkutano ulifanyika. Nimeambiwa kuna mtu alidai hajawahi kukopa elfu sita, mama akafungua laini ya 214 kwenye Excel, kikao kikanyamaza. Kijana naye anacheza Valorant, ila sasa ana nywila yake mwenyewe, isiyofika karibu na faili za chama.