Saratani ya Korodani (3): Ujogoo na Uzazi Havipiti Njia Moja

Sébastien Haller alipoifungia Ivory Coast bao la ushindi kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Februari 2024, ilikuwa bado haijatimia miaka miwili tangu agundulike na saratani ya korodani. Bao lile lilionyesha kwamba mtu hurejea uwanjani. Lakini wengi waliopona hubaki na maswali wasiyothubutu kuyauliza: nguvu zangu, uzazi wangu na hamu yangu vimebaki? Kosa letu ni kuyajibu yote matatu kwa jibu moja.

Jibu sahihi lilianzia kwenye banda la kuku. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo sita. Wawili aliwaacha hivyo. Vilemba vyao vikabaki vidogo, na hawakuwika wala kupigana kama majogoo. Wengine aliwapandikizia korodani moja moja tumboni, nao wakawika, wakapigana na kuwafukuzia mitetea. Alipowapasua alikuta mishipa ya damu imeota kwenye korodani zile, ilhali neva zake za awali zilishakatwa. Basi ujogoo ulisafiri kwa damu. Lakini mbegu hazikuwa na mfereji wa kutokea: jogoo kamili, asiyeweza kupata kifaranga. Mimi naona somo hilo bado halijafika kliniki nyingi.

Kwa binadamu, korodani moja iliyobaki kwa kawaida hutosha kutengeneza testosteroni. Seli zinazozaa mbegu ndizo huumizwa zaidi na kemo, na huenda zikahitaji miaka miwili au zaidi kurudi, au zisirudi. Tuseme kijana wa miaka 30, aliyetolewa korodani moja na kupewa kemo, analalamika uchovu na kukosa hamu. Apimwe damu asubuhi, siku mbili tofauti: testosteroni pamoja na LH, homoni ya tezi ya chini ya ubongo inayoiamrisha korodani. Testosteroni ikiwa chini na LH juu, korodani imeshindwa kazi. Testosteroni ikiwa ya kawaida na LH juu, inamudu kwa kusukumwa, hivyo afuatiliwe. Zote zikiwa sawa, huzuni, hofu au aibu ya umbo huenda ndizo chanzo, na tiba yake ni mazungumzo, mkewe akiwapo.

Wapo watakaosema: si achomwe tu sindano ya testosteroni? Kwa aliyepungukiwa kweli, humsaidia. Lakini ubongo ukiona homoni imejaa, huacha kutuma LH na mwenzake FSH, na korodani huenda ikaacha kuzaa mbegu. Anayetaka mtoto akichomwa bila kuulizwa, anafungiwa mlango uliokuwa ukianza kufunguka. Ndiyo maana nasisitiza: manii yahifadhiwe kabla ya kemo, na swali la mtoto liulizwe kabla ya sindano. Daktari anayenyamaza kwa kuona haya humwachia mgonjwa kulipa gharama ya haya hiyo.