Damu Ilichukuliwa Saa Ngapi?
Mgonjwa wa kilo 60 ana stafilokoka sugu kwenye damu. Dozi ya kwanza ya vankomaisini huwa kubwa ili dawa ifikie haraka kiwango cha kuua bakteria: miligramu 25 kwa kila kilo, yaani 1,500, kwa dripu ya karibu saa mbili. Ikikimbizwa, uso na shingo huwa vyekundu na mwili huwasha. Kisha hupewa miligramu 1,000 kila baada ya saa 12, iwapo figo ni nzima, maana ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini.

Damu ya kupima huchukuliwa nusu saa kabla ya dozi ya nne. Jibu linarudi: miligramu 34 kwa lita, ilhali hapo wengi wamezoea kulenga 15 hadi 20. Kabla ya kupunguza dawa, tafadhali, muuguzi aulizwe damu ilichukuliwa saa ngapi. Kumbe ni saa moja baada ya dripu ya tatu kuisha! Inachukuliwa tena kwa wakati wake: 16. Dozi ingepunguzwa, bakteria wangepumua. Lakini 34 ingekuwa ya kweli, dozi inayofuata ingesimamishwa na figo kupimwa siku hiyohiyo.