Meza ya Jirani: Khabari za Ofisi za Pamoja na Vituo Atamizi

Wazazi wengi hutuuliza: "Hizi nyumba ambazo vijana wetu hulipia meza na kukaa kutwa na kompyuta zao zina faida gani, ilhali meza ipo nyumbani?" Suali hili ni la haki, na jawabu lake huanza katika jina. Kituo atamizi ni neno lililotokana na kuatamia, kama kuku aatamiavyo mayai.

Jina hilo lina kisa chake. Katika mji wa Batavia, jimbo la New York huko Amerika, kiwanda kikubwa cha zana za kilimo kilifungwa, na watu wengi wakakosa kazi. Mwaka 1959 jamaa wa Mancuso walilinunua jengo lake, na Joseph Mancuso akatafuta mpangaji wa kulichukua lote, asimpate. Basi akaligawa vipande, akawapangisha wafanyabiashara wadogo, na akawasaidia kwa shauri na kazi za ofisi. Mmoja katika wapangaji wa mwanzo alikuwa akiangua vifaranga, na Mancuso akawa akisema kwa mzaha kwamba jengo zima linaatamia.

Huku kwetu, iHub ilifunguliwa Nairobi mwaka 2010, na Mombasa ipo Swahilipot, karibu na Ngomeni. Lakini yapasa kutofautisha mambo mawili. Ofisi ya pamoja hukodisha meza, kwa siku au kwa mwezi, na anayelipa huingia. Kituo atamizi huchagua watu, huwalea kwa miezi kadhaa, na pengine hutaka sehemu ya biashara yao.

Tunamjua kijana mmoja, tuliyemsomesha chuoni, aliyetengeneza programu ya kuandikia madeni ya maduka. Alikaa nayo nyumbani mwaka mzima, wala hakuuza hata moja. Alipoanza kwenda ofisi ya pamoja, tulimshauri ashike siku mbili, Jumanne na Alkhamisi, na kiti kile kile. Kwani mtu aonekanaye leo hapa na kesho kule hazoeleki. Majuma matatu yalipita kwa salamu tu. Alikuwa na khofu pia kwamba akisema anachofanya ataibiwa. Lakini anayeficha kazi yake hawezi kupelekewa mteja.

Mteja wa kwanza alitoka meza ya pili. Binti mmoja, mchoraji wa matangazo, alikuwa na mteja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye mteja huyo alilalamika kuhusu madeni yake. Binti akamtaja jirani yake. Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda mara nyingi: mteja wa kwanza huwa ni mteja wa jirani, au kazi iliyomzidi jirani. Kijana aliandika mapatano katika karatasi moja: kazi ni hii, muda majuma matatu, bei shilingi 18,000, nusu mwanzo na nusu mwisho. Tunamsifu kwa karatasi ile, maana urafiki wa meza huwafanya wengi waone haya kuandika.

Ama mshauri, alikuwa mhasibu mstaafu aliyefika pale mara moja kwa mwezi. Kijana hakumwomba "amlee". Alimwomba nusu saa, akaenda na suali moja: mbona wenye maduka hawanunui? Mzee akamwuliza, "Umewasikiliza wangapi?" Hakuwa na jibu. Akatumwa kwenda maduka tisa, asiuze kitu, asikilize tu. Sita kati yao walimwambia kuwa hawaogopi kusahau deni. Waogopa mdaiwa atakayekana. Akaongeza jambo moja: kila deni liandikwapo, mdaiwa hupelekewa ujumbe wa simu papo hapo. Baada ya hapo maduka manne yalinunua. Alirudi kumweleza mzee matokeo, na kwa sababu hiyo mzee alimpa nusu saa ya pili.

Kisha kituo atamizi kimoja kikamwita, kikitaka hisa 8 kwa mia. Tulimwambia aulize kwanza majina ya waliolelewa kundi lililopita, awapigie simu watatu, na suali liwe moja: "Ni mteja gani uliyempata kwa mkono wa kituo?" Wakitaja mashindano, zawadi na picha tu, hapo hapana malezi. Aulize pia fedha hizo ni za hisa au ni mkopo utakaogeuka hisa baadaye, kwani mikopo ya namna hiyo mara nyingi huandikiwa riba, na neno hilo hukaa ndani ya karatasi, halisemwi mezani.

Wawili kati ya watatu aliowapigia hawakuweza kutaja mteja hata mmoja. Kijana amebaki na meza yake ya Jumanne na Alkhamisi, na sasa yeye ndiye ampaye binti yule wateja wanaotaka mabango.