Makala Zilitafutwa Wapi?

"Makala zilitafutwa mtandaoni." Msimamizi wa tasnifu akikuta sentensi hiyo, kalamu nyekundu hutoka papo hapo.

Mwanafunzi anayepitia tafiti za vyandarua nchini Tanzania hana budi kutaja hifadhidata, tuseme PubMed na Scopus, siku aliyotafuta, na maneno kama alivyoyachapa:

```
malaria AND (bednet* OR "mosquito nets") AND Tanzania
```

Kinyota hunasa umoja na wingi. Akiweka AND palipo na OR, makala nyingi zitampita bila yeye kujua.

Kuanzia 2004? Aeleze sababu: ndio mwaka mpango wa Hati Punguzo ulipoanza kusaidia wajawazito kununua vyandarua.

Kisha mchujo: nakala zilizojirudia huondolewa, watu wawili husoma vichwa na ikisiri kila mmoja kivyake, halafu makala kamili. Inayoachwa hapo huandikiwa sababu.