Fundi Anasema "Slabu Tayari": Angalia Hivi Kabla ya Kutuma Pesa

Unafanya kazi Mombasa, mjengo wako uko Kitengela. Jioni simu inaingia ujumbe: "Slabu tayari, nitumie ile pesa ya hatua ya kwanza." Picha imeambatanishwa na sakafu inaonekana safi kabisa. Utume?

Shida ya slabu ni kwamba vitu vya maana vimefunikwa. Zege likishamwagwa, huwezi kuona kama nailoni ya kuzuia unyevu ilitandazwa, wala kama wavu wa chuma (BRC) uliinuliwa au uliachwa umelala chini. Picha ya sakafu laini inathibitisha kitu kimoja tu: zege limemwagwa. Kwa hivyo hatua hii inakaguliwa mara mbili, siku moja kabla ya kumwaga na tena baada ya kumwaga.

Kabla ya kumwaga

Mwambie fundi asiagize mchanganyiko kabla hujaona. Kama huwezi kufika, tuma mtu unayemwamini, au piga simu ya video fundi akitembea kona hadi kona. Angalia haya:

- Mawe ya kujazia yameshindiliwa na juu yake pako sawa, hakuna ncha za kutoboa nailoni.
- Nailoni imefunika kote, na vipande vimepandana.
- Wavu umeinuliwa kwa vijiwe vidogo vya zege ili ukae ndani ya slabu. Ukilala juu ya nailoni, hausaidii inavyopaswa.
- Mabomba ya maji taka na ya nyaya yako mahali ramani inasema. Kuyasahau ni kuja kuvunja sakafu baadaye.
- Mbao za pembeni zina kina mlichokubaliana. Fundi aweke futi ya kupimia ndani ya picha.

Kama ramani yako ilipitishwa na kaunti, uliza pia kama inspekta amekagua. Neno la fundi halichukui nafasi yake.

Baada ya kumwaga

Zege linahitaji kumwagiwa maji kila siku, kwa kawaida siku 7 au zaidi, lisikauke haraka na kupasuka. Ndiyo maana ni vizuri mkataba useme hatua imekamilika baada ya siku hizo, si jioni ya kumwaga. Kama hamkuandika hivyo, usibadilishe masharti katikati ya kazi. Fundi naye ana vijana wa kulipa Jumamosi.

Fundi, omba pesa hivi

"Nitumie kitu kidogo" huleta ugomvi, kwa sababu baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nini. Tuseme hatua ya slabu ni KSh 120,000 za ufundi. Mlikubaliana mwenye nyumba abaki na asilimia 10 hadi nyumba imalizike na kasoro zirekebishwe, na ulishachukua KSh 30,000 za kuanzia. Andika:

"Habari mama. Hatua ya 1, msingi hadi slabu, imekamilika leo. Tumemwagia maji siku 7. Picha za kabla na baada nimetuma. Hatua: 120,000. Toa 10%: 12,000. Toa ya kuanzia: 30,000. Inabaki 78,000. Tafadhali kagua unijibu."

Mwenye nyumba akiona kasoro, asinyamaze. Ajibu kwa maandishi: kitu gani, wapi, na kirekebishwe lini. Kwa mfano, "Kona ya jikoni ina ufa, rekebisha kabla ya Ijumaa." Kama sehemu kubwa iko sawa, mnaweza kukubaliana alipe na kubakisha kiasi cha kasoro hiyo pekee. Kuzuia zote 78,000 kwa ufa mmoja kunaweza kusimamisha mjengo mzima.

Kabla ya kubonyeza tuma

Tuma kwa namba iliyoandikwa kwenye mkataba. Ujumbe ukija kusema "tumia hii nyingine, ile laini imeharibika," pigia fundi kwa namba ya zamani kwanza. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha malipo.

Pesa ikienda, mtumie fundi ule ujumbe wa muamala wenye kodi, na uandike chini yake: "Hatua ya 1, slabu. Umelipwa 78,000. Baki 12,000 hadi mwisho." Naye ajibu: "Nimepokea." Kodi peke yake inaonyesha pesa ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Haisemi ilikuwa ya kazi gani, na hapo ndipo maneno yale mafupi yatakapokuokoa mkifika kwenye paa na hesabu zianze kupingana.